Kodi Iliyokwisha Kulipwa: Kifungu cha Matukio Yasiyozuilika na Nafuu ya Kodi katika Mikataba ya Pango la Biashara, kwa Mfano wa Kata ya Nyanungu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza nini humpata mpangaji wa chumba cha biashara pale shughuli zinapofungwa kwa amri au kwa tukio ambalo yeye hakulisababisha wala hakuweza kulizuia. Hoja kuu ni kwamba sheria ya Tanzania humpa mpangaji nafuu pale jengo linapoharibika, lakini haimpi nafuu hiyo pale biashara inapokauka ilhali jengo limesimama. Pengo hilo huachiwa mkataba. Hata hivyo, vifungu vya matukio yasiyozuilika vinavyonakiliwa katika mikataba yetu vimeandikwa kwa kumfikiria mdaiwa ambaye bado hajalipa, wakati desturi ya sehemu nyingi za nchi, Mkoa wa Mara ukiwamo, ni kulipa kodi ya miezi mingi mbele. Makala yanachukua kipindi cha kufungwa kwa shule mwaka 2020 kuwa kipimo.

1.0 Utangulizi

Nyanungu ni kata ya Wilaya ya Tarime, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na si mbali na mpaka wa Kenya. Biashara ndogo za maeneo ya namna hii hazitegemei wapita njia wa mjini. Hutegemea mambo machache yanayokusanya watu: shule, mnada wa mifugo, zahanati, na barabara iendayo mpakani. Moja likisimama, chumba cha biashara kilichopangwa kwa ajili yake hubaki na mlango, dari na kufuli lake, lakini wateja hawapo.

Mwaka 2020 jambo hilo lilitokea kwa pande mbili kwa wakati mmoja. Tarehe 17 Machi Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kisha muda huo ukaongezwa bila kutajwa mwisho. Kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni na shule nyingine tarehe 29 Juni. Kati ya tarehe hizo, Mei 16, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, huku malori ya mizigo yakiruhusiwa kwa masharti. Sirari, kituo cha mpaka cha Tarime, kiliguswa moja kwa moja.

Ni muhimu kukumbuka kwamba Tanzania haikuwafungia watu ndani wala haikuamuru maduka yafungwe. Kwa sababu hiyo wengi huona kwamba suala la nafuu ya kodi ni la Nairobi, Delhi na London, si letu. Mtazamo wa makala haya ni kinyume chake. Palipo na amri ya kufunga duka lenyewe, mpangaji ana jambo la kumwonesha hakimu. Palipo na amri ya kufunga shule iliyo ng'ambo ya barabara, mpangaji ana duka lililo wazi na daftari la mauzo lisilo na kitu. Hali hii ya pili ndiyo ngumu kisheria, na ndiyo iliyotokea kwetu.

2.0 Mfano unaofanyiwa kazi

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila tarehe zake za kufungwa na kufunguliwa kwa shule ni za kweli. Mama mmoja anapanga chumba mbele ya lango la shule ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika Kata ya Nyanungu. Anauza madaftari, kalamu na sare, ana mashine moja ya kutoa nakala, na saa nne asubuhi anauza chai na maandazi. Kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Tarehe 1 Februari 2020 analipa miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 900,000, hadi tarehe 31 Julai. Mwenye nyumba, mzee wa kijiji hicho hicho, anazitumia fedha hizo mara moja kuezeka chumba cha pili.

Mkataba wao ni karatasi mbili za kuchapwa zilizonunuliwa kwa mchapaji Tarime mjini, na mtendaji wa kijiji ameshuhudia. Kifungu cha tisa kinasema hivi: “Hakuna upande utakaohesabiwa kuwa umevunja mkataba huu endapo utashindwa kutekeleza wajibu wake kwa sababu ya vita, mafuriko, moto, magonjwa ya mlipuko, amri ya Serikali au jambo jingine lolote lililo nje ya uwezo wake.”

Shule inafungwa. Kuanzia tarehe 18 Machi hadi tarehe 28 Juni ni siku 103, kati ya siku 182 za kodi aliyolipa. Mwezi Aprili mpangaji anakwenda kwa mwenye nyumba. Hamwambii kwamba mkataba umekufa, anasema, “Baba, hizi siku zangu zimeliwa.” Mwenye nyumba anamjibu kwamba chumba hakijaliwa na mtu, ufunguo anao yeye, na fedha zimekwisha kuwa mabati.

Kila mmoja wao ana haki upande wake, na ndiyo maana mfano huu unafaa. Tuanze na kuuliza sheria ingemjibu nini yule mama kama mkataba usingekuwa na kifungu cha tisa kabisa.

3.0 Sheria inavyonyamaza

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, hata namba za vifungu vingi zikabaki zile zile. Kifungu cha 56 kinaeleza kwamba mkataba wa kufanya jambo ambalo baadaye linakuwa haliwezekani, au linakuwa kinyume cha sheria, kwa tukio ambalo mtoa ahadi hakuweza kulizuia, unakuwa batili pale jambo hilo linaposhindikana. Nitaiita hali hii kukwama kwa mkataba. Kifungu cha 65 kinaongeza kwamba mkataba unapokuwa batili, aliyepokea faida kwa mkataba huo airejeshe au aifidie.

Kwa mtazamo wa haraka, vifungu hivi viwili vingeonekana kumtosha mpangaji wetu: mkataba umekwama, basi arejeshewe. Lakini kuna vizuizi vitatu mfululizo.

Cha kwanza ni kwamba hakuna kilichoshindikana. Wajibu wa mwenye nyumba ni kumwachia chumba akitumie kwa amani, na chumba kipo. Wajibu wa mpangaji ni kulipa, na amekwisha kulipa. Kuuza madaftari hakumo katika ahadi za upande wowote. Mahakama ya Juu ya India katika shauri la Satyabrata Ghose la mwaka 1954 ilikubali kwamba neno “kutowezekana” katika kifungu cha 56 lisichukuliwe kwa maana finyu ya kimaumbile. Jambo likipoteza kabisa msingi uliokuwa katika fikra za wahusika, laweza kuhesabika kuwa haliwezekani. Hata hivyo mahakama hiyo haikufungua mlango kwa hasara ya kawaida ya kibiashara, na ilikwisha kuonesha mara kadhaa kwamba utekelezaji kuwa wa gharama zaidi au wa faida ndogo zaidi hautoshi.

Kizuizi cha pili ni hulka ya upangaji wenyewe. Mahakama ile ile katika shauri la Raja Dhruv Dev Chand la mwaka 1968 iliamua kwamba kifungu cha 56 hakiuhusu upangaji uliokwisha kukamilika, kwa kuwa upangaji si ahadi tu ya mambo yajayo. Ni haki katika ardhi iliyokwisha kuhamishwa. Mei 21, 2020, katikati ya kufungwa kwa shughuli nchini India, Mahakama Kuu ya Delhi iliurudia msimamo huo katika shauri la Ramanand dhidi ya Girish Soni, lililohusu duka katika soko la Khan. Wapangaji waliomba kodi isimamishwe. Mahakama ilisema kwamba penye kifungu cha mkataba kinachotoa nafuu, kifungu hicho ndicho kitakachotawala. Pasipo na kifungu hicho, kifungu cha 56 hakimsaidii mpangaji aliyebaki na chumba. Kilichopatikana ni kuongezewa muda wa kulipa, si kusamehewa. Maamuzi haya hayazifungi mahakama za Tanzania, lakini kwa kuwa yanafasiri maneno yale yale ya kifungu, yana uzito wa kushawishi ambao wakili wa mwenye nyumba hatasahau kuutaja.

Waingereza walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1647, katika shauri la Paradine dhidi ya Jane, mpangaji aliyefukuzwa na jeshi la mwana wa mfalme Rupert katika shamba alilolipanga aliamriwa kulipa kodi hata hivyo. Ukali huo ulilegezwa mwaka 1981 katika shauri la National Carriers dhidi ya Panalpina. Hapo ghala moja mjini Hull lilipangwa kwa miaka kumi kuanzia Januari 1974. Mei 1979 halmashauri iliifunga barabara pekee iliyoingia ghalani kwa sababu jengo la jirani lilikuwa hatarini kuanguka, na ilitarajiwa kufungwa kwa takriban miezi 20. Baraza la Malodi lilikubali kwamba upangaji waweza kukwama kimsingi, kisha likaamua kwamba huu haukukwama: miezi 20 ndani ya miaka kumi, na muda wa kutosha ukibaki baada ya barabara kufunguliwa, si mwisho wa mkataba.

Shauri la Hull linastahili kusomwa taratibu na yeyote anayeandika mkataba Tarime, kwa kuwa linatupatia kizuizi cha tatu, ambacho ni hesabu ya muda. Swali si kama mpangaji ameumia. Swali ni sehemu gani ya muda wote imeliwa, na linaulizwa kwa kutazama mbele kutoka siku ya tukio. Mahakama ya Hong Kong ilikuwa na kazi nyepesi katika shauri la Li Ching Wing, pale mpangaji alipozuiwa kukaa katika nyumba kwa siku kumi wakati wa ugonjwa wa SARS ndani ya upangaji wa miaka miwili. Kwa mpangaji wetu uwiano ni mzito zaidi: siku 103 kati ya 182 ni zaidi ya nusu. Lakini mwezi Machi tangazo lilikuwa la siku 30 tu. Mtu aliyesimama Machi 18 na kutazama mbele asingeweza kusema mkataba umekufa, na alipofika Juni na kugeuka nyuma, ulikuwa umebaki mwezi mmoja na shule inafunguliwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanafunzi wa sheria hulipita haraka. Hata kama mama huyu angeshinda, ushindi wake ungekuwa mkataba kuwa batili. Angerejeshewa sehemu ya kodi na kupoteza chumba kilicho mbele ya lango, wiki chache kabla ya wanafunzi kurudi. Kanuni ya kukwama kwa mkataba haijui nafuu ya muda. Inajua uhai na kifo tu, na mpangaji wa biashara mara nyingi hataki lolote kati ya hayo mawili kwa bei inayotajwa.

4.0 Nafuu iliyomo katika Sheria ya Ardhi

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 88, inaweka maagano ambayo mpangishaji anahesabiwa kuyatoa katika kila upangaji hata kama hayakuandikwa. Mojawapo ndilo lililo karibu zaidi na nafuu ya kodi: jengo au sehemu yake ikiharibiwa kwa moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata lisifae kutumika, kodi husimama au hupunguzwa kwa kiasi cha haki hadi litakapofaa tena. Likibaki hivyo kwa miezi sita, mpangaji anaweza kuumaliza upangaji kwa notisi ya mwezi mmoja.

Agano hili ni zuri, nalo lina kile ambacho kifungu cha 56 hakina, yaani daraja la katikati kati ya kulipa yote na kuvunja yote. Soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, hilo lilikuwa tukio la aina ambayo watunga sheria waliifikiria. Lakini maneno yake yamefungwa katika jengo. Ugonjwa haukuchoma mabati ya Nyanungu. Kujaribu kuliingiza tangazo la kufunga shule ndani ya “ajali nyingine” ni kuyanyoosha maneno kupita ndugu zake waliotangulia katika orodha, ambao wote ni madhara ya kimwili. Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 2021, katika mashauri yaliyounganishwa ya Bank of New York Mellon dhidi ya Cine-UK, ilikataa mnyoosho wa namna hiyo hiyo: kifungu cha mkataba kilichosimamisha kodi jengo likiharibika hakikuhusu sinema iliyofungwa kwa amri ya afya.

Kwa Nyanungu kuna tabaka jingine. Ardhi ya huko kwa sehemu kubwa ni ardhi ya kijiji, na chumba cha duka kinapopangishwa na mwenye hatimiliki ya kimila kinaangukia katika haki zitokanazo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, ambako halmashauri ya kijiji ina nafasi yake. Anayetegemea agano la kudhaniwa kutoka sheria ya ardhi ya jumla atalazimika kwanza kubishana kama linafika hadi kijijini. Ni busara zaidi kuliandika agano hilo wazi ndani ya mkataba kuliko kuliacha lidhaniwe.

5.0 Kifungu cha tisa kinasema nini hasa

Turudi kwenye karatasi mbili za mchapaji. Kifungu cha tisa kinataja magonjwa ya mlipuko na amri ya Serikali, na mpangaji wetu, akikisoma mwezi Aprili, anaamini amepata mkombozi. Hajapata.

Kifungu kinamlinda anayeshindwa kutekeleza wajibu. Mama huyu hakushindwa. Alitekeleza wajibu wake wote Februari mosi, kwa noti. Hakuna wajibu uliobaki wa kusimamishwa. Mwenye nyumba naye hakushindwa lolote. Kifungu kimeandikwa kwa ajili ya mjenzi anayechelewa kumaliza ukuta au msafirishaji ambaye lori lake limekwama mtoni, kisha kimehamishiwa kwenye pango bila kuulizwa nani anadaiwa nini na lini.

Hata kama angekuwa analipa kila mwisho wa mwezi, msaada wake ungekuwa wa mashaka. Amri ya kufunga shule haimzuii mtu kulipa shilingi 150,000; inampunguzia mapato ya kuzipata. Mahakama kwa jumla hukataa kuhesabu ukosefu wa fedha kuwa tukio lililo nje ya uwezo. Mikataba mingi iliyoandikwa na mawakili wa wapangishaji wakubwa hulimaliza shaka hilo kwa sentensi moja inayosema kwamba wajibu wa kulipa fedha hauguswi na kifungu hiki. Mkaguzi wa mkataba aitafute sentensi hiyo kwanza, kabla ya orodha ndefu ya vita na matetemeko, kwa kuwa ndiyo inayoamua.

Hapa niweke neno la pembeni kuhusu istilahi. Mawakili wetu huliacha jina la kifungu hiki katika Kifaransa, na wachapaji huliandika “nguvu za Mungu”. Tafsiri hii ya pili ina madhara ya kweli. Mzee wa kijiji akisoma “nguvu za Mungu” ataelewa radi na mafuriko, na atakataa kwa nia njema kabisa kwamba tangazo la Waziri Mkuu limo humo. Katika makala haya ninatumia “matukio yasiyozuilika” na ninashauri kwamba jina libaki fupi, kazi ya kueleza ifanywe na maneno ya kifungu.

Tofauti moja zaidi inafaa kutajwa. Kama chumba kingekuwa kantini ndani ya uzio wa shule, lango likafungwa na mlinzi akamkatalia mama kuingia, basi tungekuwa karibu na ghala la Hull: njia ya kulifikia eneo lenyewe imefungwa. Hapo mpangaji angeweza pia kudai kwamba hakuachiwa kukitumia chumba kwa amani, iwapo aliyefunga ndiye aliyempangisha. Umbali kati ya kesi hizo mbili ni hatua kumi za barabara. Mkataba usioitaja tofauti hiyo unaiachia mahakama ikadirie.

6.0 Kifungu kinachofaa desturi ya kulipa mbele

Ikiwa kodi hulipwa mbele, nafuu haiwezi kuwa kusimamisha malipo. Yapaswa kuwa ama siku kuongezwa mwishoni, ama fedha kuhesabiwa katika kodi ya kipindi kijacho. Kurejesha noti mkononi ni njia ya tatu, lakini ni dhaifu kwa mwenye nyumba aliyekwisha kuezeka. Siku anazo; fedha hana. Nimeshuhudia wapangaji wakidai fedha kwa ukaidi na kukosa vyote viwili.

Ninapendekeza maneno ya aina hii: “Endapo kwa amri ya mamlaka ya umma, ndani au nje ya nchi, shule, mnada, kituo cha mpaka au barabara iliyotajwa katika jedwali la mkataba huu itafungwa kwa zaidi ya siku 14 mfululizo, basi kwa kila siku ya kufungwa baada ya siku hizo 14 mpangaji atastahili nafuu ya nusu ya kodi ya siku. Nafuu hiyo italipwa kwa kuongeza muda wa upangaji kwa idadi ya siku inayolingana, isipokuwa pande mbili zikikubaliana kwa maandishi ihesabiwe katika kodi ijayo. Mpangaji atatoa taarifa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kufungwa, na nakala atampa mtendaji wa kijiji. Kufungwa kukizidi siku 120, upande wowote unaweza kuumaliza upangaji kwa notisi ya siku 30, na kodi ya siku zilizobaki itarejeshwa.”

Maneno “ndani au nje ya nchi” yamewekwa kwa makusudi. Aliyeufunga mpaka wa Sirari kwa abiria Mei 2020 alikuwa Kenya, na kifungu kinachosema “amri ya Serikali” tu kingezua mabishano ya Serikali ipi. Kutaja shule au mnada kwa jina katika jedwali kunahamisha jambo lililokuwa matarajio ya mpangaji peke yake na kulifanya msingi wa mkataba uliokubaliwa na wote wawili. Vivyo hivyo mnada unapofungwa kwa karantini ya mifugo, hakuna haja ya kubishana kama ugonjwa wa ng'ombe ni “ugonjwa wa mlipuko”.

Siku 14 za kungoja ni za kuzuia madai ya mapumziko madogo, na nusu ni mgawanyo wa hasara. Wapo watakaouliza kwa nini si kodi yote. Jibu langu ni kwamba chumba bado kilihifadhi mashine na bidhaa za mpangaji, naye hakuwa amezuiwa kuuza kwa wanakijiji wengine. Kwa kantini ya ndani ya uzio ningeandika kodi yote.

Sasa hesabu. Siku 103 ukitoa 14 zinabaki 89. Kodi ya siku ni shilingi 900,000 kwa siku 182, yaani karibu shilingi 4,945. Nusu yake kwa siku 89 ni takriban shilingi 220,000. Kwa muda, nusu ya siku 89 ni siku 44 na nusu; tukizikamilisha kuwa 45, upangaji uliokuwa uishe tarehe 31 Julai unafika tarehe 14 Septemba. Mwenye nyumba hatoi noti hata moja. Mpangaji anapata mwezi mmoja na nusu mbele ya shule iliyokwisha kufunguliwa, bila malipo, na huo ndio wakati ambao una thamani kwake.

Kifungu hiki kina mipaka yake. Kinasema “itafungwa”, na Juni 2020 ilionesha kwamba shule inaweza kufunguliwa nusu. Kwa shule yenye kidato cha tano na sita, tarehe 1 Juni ingekuwa siku ya mabishano: kidato cha sita wapo, wengine hawapo. Jedwali liseme basi kwamba shule inahesabiwa kuwa imefungwa hadi madarasa yote yarudi, au liweke tarehe ya kurudi kwa darasa linalotajwa. Pia kifungu hakimsaidii aliyefungua biashara baada ya tukio kujulikana. Aliyepanga chumba Aprili 2020 alikwisha kuiona shule tupu.

7.0 Ushahidi na mahali pa kuupeleka

Kifungu bora hufa mahakamani kwa sababu ndogo. Chini ya Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, hati inayopaswa kulipiwa ushuru isipolipiwa haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Mikataba ya mchapaji kwa kawaida haina stempu. Mpangaji anayetaka kukitegemea kifungu chake alipie mapema, si siku ya shauri.

Taarifa ya maandishi ndiyo inayofuata kwa uzito. Mpangaji wetu alikwenda mwenyewe na kusema kwa heshima, kama inavyompasa mtu na mzee wake, na kwa kufanya hivyo hakuacha alama yoyote ya tarehe. Barua ya mistari mitano, yenye nakala kwa mtendaji na saini ya kupokea, haivunji heshima. Pamoja nayo kiwepo kielelezo cha tangazo la kufunga, na daftari la mauzo la miezi miwili kabla na wakati wa kufungwa, si kwa kuwa kifungu kinadai hasara ithibitishwe, bali kwa kuwa pasipo na kifungu mahakama itauliza kama biashara ilikufa au ilipungua tu.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha na haliamui tena migogoro ya ardhi. Linapewa siku 30 kujaribu usuluhishi kabla ya shauri kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa dai la shilingi 220,000 mabadiliko haya si hasara. Msuluhishi haulizi kama kifungu cha 56 kinauhusu upangaji. Anauliza siku ngapi shule ilikuwa tupu, na nani anaweza kutoa nini. Na jibu la “ongeza siku mwishoni” ni jibu ambalo hukumu ya kubatilisha mkataba isingeweza kulitoa. Mama wa mfano wetu, akienda huko Aprili na barua mkononi, angekuta swali lake likisikilizwa kwa maneno yale yale aliyolianza nayo: siku zimeliwa, zirudishwe vipi.